Mjomba hakugeuzwa kijani na LAB

Nimeletewa tena faili la mjomba wa kijani. Kila msimu wa harusi linakuja, hubadilika mjomba tu. Safari hii mzee alishindwa kufika, familia ikataka awemo kwenye picha ya pamoja, kijana akamkata kutoka picha ya studio, akambandika mwisho wa safu, akapitisha ile skripti inayozunguka kila mahali, ya kulinganisha rangi kwenye LAB, ambako L ni mwangaza, a ni kutoka kijani hadi nyekundu, na b ni kutoka bluu hadi manjano. Ujumbe wake ulikuwa huu: "Kaka, nimefuata hatua zote. Nadhani LAB haifai kwa ngozi zetu."

LAB haina ugomvi na ngozi ya mtu. Tatizo ni imani kwamba wastani wa rangi za picha ndio mwanga wa picha. Sivyo. Wastani wa picha unakuambia zaidi *vitu gani* vilikuwa mbele ya kamera, na mwanga umejificha humo ndani kama mgeni asiyejulikana. Picha ya harusi bustanini imejaa majani. Ukichukua wastani wake umechukua wastani wa majani, kisha unashangaa mjomba anafanana na majani.

Hesabu yenyewe mnaijua: kwa kila chaneli, toa wastani wa kitu unachobandika, zidisha kwa uwiano wa mitawanyiko, ongeza wastani wa mandhari.

```
x' = (x - m_kitu) * (s_mandhari / s_kitu) + m_mandhari
```

Tuiendeshe kwa tarakimu za picha ya namna hii tuone uhalifu unatokea wapi. Mandhari nzima, yenye nyasi na miti kwa wingi, ina wastani wa a = −12 na mtawanyiko 14; b = 20 na mtawanyiko 16. Mjomba ndani ya maski yake ni kanzu kwa sehemu kubwa: a = 3 na mtawanyiko 6; b = 5 na mtawanyiko 8. Sasa chukua pikseli ya kanzu yake, a = 0, b = 1, yaani nyeupe safi. Ikipita kwenye hesabu inatoka a = −19, b = 12. Hiyo ni kijani, haina mjadala. Chukua shavu lake, a = 13, b = 17. Linatoka a = 11, b = 44, na uso sasa ni wa bibi harusi aliyesingwa kwa manjano. Hesabu haikukosea hata tarakimu moja. Imefanya ulichoiagiza: imempa mjomba takwimu za bustani.

Tena hili halikuwa siri hata kidogo. Njia hii ilichapishwa mwaka 2001 na Reinhard, Ashikhmin, Gooch na Shirley, na wao wenyewe walisema kwamba picha mbili zisipofanana kwa vilivyomo, uchague vipande vinavyolingana badala ya kutumia picha nzima. Walionakili skripti waliibeba hesabu na kuliacha onyo. Photoshop nayo, kwenye Match Color, ina visanduku viwili vya kuhesabu ndani ya eneo ulilochagua tu: Use Selection in Source to Calculate Colors na Use Selection in Target to Calculate Adjustment. Vipo hapo miaka yote, na sijawahi kukuta faili la mjomba wa kijani ambamo vilitumika.

Basi tuchague kipande. Kila mtu hukimbilia ngozi: pima uso wa jirani yake, mpe mjomba. Usifanye. Ndani ya familia moja utakuta mtu mweupe na mtu mweusi tii, na ukilinganisha ngozi kwa ngozi utakuwa umempaka mjomba mkorogo bila ruhusa yake. Shangazi zake watakiona kabla hata picha haijafunguka yote kwenye simu. Unachotaka ni kitu kilekile, kilicho kwenye picha zote mbili, ambacho rangi yake halisi unaijua. Na Mungu ameturahisishia: kwenye harusi za pwani safu nzima imevaa kanzu nyeupe, na mjomba naye amevaa yake. Pasipo kanzu tafuta kola ya shati, kiti cha plastiki, turubai jeupe, ukuta wa chokaa.

Kanzu utakayopima iwe ya mtu aliyesimama karibu na pale utakapombandika mjomba, upande uleule unaopigwa na jua. Epuka sehemu iliyoungua kwa mwanga, maana chaneli ikishajaa haikuambii tena rangi. Epuka pia pindo la chini, kwa sababu nyasi huirushia ukijani wake. Upande wa mjomba, hesabu pikseli zilizo ndani kabisa ya maski tu. Skripti nyingi hubeba na pikseli zinazopitisha mwanga ukingoni, au hata weusi uliofichwa nyuma ya uwazi, na wastani unaharibika kimyakimya. Jambo jingine la haraka: kwenye OpenCV picha ya biti 8 ina L ya 0 hadi 255, na a na b zimesogezwa kwa 128. Geuza kwanza kuwa float32 ya 0 hadi 1, upate L ya 0 hadi 100 na sifuri iliyo sifuri kweli.

```python
lab = cv2.cvtColor(img.astype(np.float32) / 255, cv2.COLOR_BGR2LAB)
m = (alfa > 0.95) & kipande_cha_kanzu
L0, a0, b0 = lab[m].mean(axis=0)
```

Kanzu ya jirani, jua la alasiri likielekea magharibi: L = 84, a = 3, b = 15. Kanzu ya mjomba studio: L = 91, a = 0, b = 1. Tofauti ni a +3 na b +14. Hiyo ndiyo rangi ya mwanga, au kitu kilicho karibu nayo kuliko bustani nzima.

Hapa ndipo hata wale waliochagua kipande vizuri wanapoharibu, na hapa ndipo ninapokosa subira. Wanaongeza hiyo +14 kwa kila pikseli ya mjomba. Kanzu inakaa sawasawa, wanashangilia, kisha nywele zinakuwa za kutu. Kwa nini? Mwanga huzidisha, haujumlishi. Jua la manjano likipiga kitu cheupe linarudisha manjano mengi. Likipiga kitu cheusi halirudishi karibu chochote, si manjano wala rangi nyingine. LAB imejengwa juu ya mzizi wa tatu wa mwanga, na ukifuata hesabu hiyo kwa kitu kisicho na rangi, badiliko la a na b linalingana na L + 16. Kwa hiyo badiliko ulilolipima kwenye kanzu ya L = 91 lipunguzwe kwa kila pikseli kadiri ya giza lake:

```python
da, db = 3 - a0, 15 - b0
k = (lab[..., 0] + 16) / (L0 + 16)
lab[..., 1] += k * da
lab[..., 2] += k * db
lab[..., 0] = (lab[..., 0] + 16) * (84 + 16) / (L0 + 16) - 16
```

Tazama tofauti. Shavu la mjomba lina L = 38, a = 13, b = 17; k yake ni 54 kwa 107, yaani karibu nusu. Linaenda a = 14.5, b = 24, ngozi iliyopigwa na jua la jioni. Bila k lingekuwa b = 31, mtu aliyepigwa picha chini ya balbu ya kibanda. Nywele zenye L = 12 na b = 1 zinaongezewa kama 3.7 tu na zinabaki nyeusi; bila k zinafika b = 15. Ndiyo maana mimi, nikitaka kujua kama kazi imefanywa kwa pupa, siangalii uso. Naangalia nywele, viatu na kivuli cha chini ya kidevu. Weusi wenye rangi kali ni ushahidi tosha.

Mstari wa mwisho wa ile kodi unashusha mwangaza kwa kanuni hiyohiyo: shavu linatua L 34 na nusu, nywele kama 10. Ungetoa 7 kwa wote nywele zingebaki na 5 na kila uzi ungepotea. Kwa vitu vyenye rangi kali kanuni hii ni ya kukadiria. Kofia nyekundu inaweza kukuhitaji mkono.

Mtawanyiko wa a na b? Siugusi. Ndani ya kitambaa kimoja hauna la kukuambia zaidi ya mikunjo na chenga za kamera. Ndani ya mtu mzima unakuambia amevaa nini. Mandhari ikiwa na ukungu au vumbi, rangi zote zimefifia, nazidisha a na b zote mbili kwa kama 0.9. Kwa nini 0.9? Kwa macho. Sina hesabu ya kuitetea.

Na sina uhakika kwamba CIELAB, yaani hii LAB yetu, ndiyo nafasi bora ya kazi hii. Wale wa 2001 hawakuitumia. Walitumia lαβ ya Ruderman, iliyotokana na takwimu za picha za mazingira ili chaneli zisivutane. Kwenye jua la jioni zinavutana hata hivyo: penye mwanga pana manjano, penye kivuli pana ubluu wa anga, L na b zinapanda na kushuka pamoja, na kuzitengeneza moja moja kunakosa uhusiano huo. Jua likiwa kali napima kanzu mara mbili, upande wa jua na upande wa kivuli, natengeneza leya mbili za mjomba, kisha nachora maski kwa mkono nikifuata jua lilikotoka. Kama studio ilimpiga mwanga kutoka kushoto na jua la bustanini liko kulia, hakuna takwimu itakayokusaidia.

Kinachonisumbua zaidi ni weupe wenyewe. Kanzu moja imesuuzwa kwa bluu ya kufulia, nyingine imekaa sandukuni tangu harusi iliyopita na imeanza kuiva. Tofauti ya vizio vinne vitano vya b kati yao haina uhusiano wowote na jua, lakini vipimo vyangu vitaihesabu kama jua. Nikiweza napima kanzu tatu na kuchukua ya katikati. Upande wa mjomba ninayo moja tu, hapo nakisia.

Kisha kuna picha za ukumbini chini ya taa za LED za zambarau. Taa hizo hutoa vipande vyembamba vya mwanga, kanzu na ngozi haziitikii kwa namna moja, na badiliko ulilolipima kwenye kitambaa halihamii usoni. Hizo nafanya kwa mkono, uso peke yake na nguo peke yake, na bei yake ni nyingine.