Pande mbili za methali: zinavyoshikana, na namna ya kuunda mpya

Tamka nusu ya methali mbele ya watu kisha unyamaze. Ukisema "Usipoziba ufa", kuna atakayemalizia "utajenga ukuta" kabla hujavuta pumzi. Wanaifahamu, ni kweli, lakini umbo lenyewe pia linawasukuma. Upande wa kwanza unaacha deni, wa pili unalilipa. Anayetaka kuunda methali mpya aanze kwa kuelewa deni hilo, vina vitafuata baadaye.

Upande wa kwanza huweka hali: mtu wa namna fulani, sharti, au mahali. Ndiyo maana methali nyingi huanza kwa viunzi vilevile: M- ya mtendaji (mchumia, mpanda, mtaka), asiye-, uki- na usipo-, au penye. Kila kimoja kinamfanya msikilizaji aulize, "Ehe, halafu?" Upande wa pili hujibu, na mara nyingi hujibu kwa hu-. Hiyo hu- ina kazi kubwa, kwa sababu haina nafsi wala haifungwi na siku. "Mvumilivu hula mbivu" ni kanuni ya kila mtu. Ukisema "Mvumilivu atakula mbivu", umempa mtu mmoja ahadi na methali imekwisha hapo.

Sasa tuje kwenye uzito. Hesabu mizani, yaani silabi, kwa kila upande. M ya mwanzo kama ya "mchumia" huhesabiwa peke yake, ila mb ya "mbivu" haikatwi: ni mbi-vu, mizani mbili. Chukua hii:

m-chu-mi-a-ju-a-ni (7)
hu-li-a-ki-vu-li-ni (7)

Saba kwa saba, na si hilo tu. Kila upande una kitendo kisha mahali. Vitenzi vyote viwili viko katika kauli ya kutendea, chumia na lia, na mahali pote pawili panaishia kwa -ni. Kila kitu kina mwenzake ng'ambo, isipokuwa maana: jua limekabiliwa na kivuli. Umbo limefanana ili tofauti ya maana ionekane. Wapo wasemao "hula kivulini", nao hawajakosea, ila upande wa pili unabaki na mizani sita na kile kitenzi kinapoteza mwenzake. Sikioni mwangu "hulia" ndiyo iliyokaa.

Vina havikutajwa kwanza kwa sababu si lazima. "Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji" haina kina hata kimoja, lakini ni nane kwa nane, na mpangilio wake umefikiriwa. Neno "tembo" limetangulizwa mbele ya kitenzi ili upande wa pili uanze kwa kitu kipya, na mpaka kati ya pande mbili usikike wazi. Sema "hulitia tembo maji" uone jinsi mpaka ule unavyofifia. Wala mizani si lazima zitoshane kabisa. "Haba na haba" ni tano, "hujaza kibaba" ni sita, na hakuna anayelalamika. Pengo la mizani moja au mbili hubebeka. Likizidi hapo, lazima kitu kingine kishike, kama kina kilivyoshika "Asiyesikia la mkuu, huvunjika guu", ambayo ni kumi kwa sita.

Tuunde moja, hatua kwa hatua. Jambo letu ni la kila siku: mtu anapokea ujumbe kwenye simu, anausambaza bila kuusoma, kesho anaulizwa maneno ambayo hakuyasema. Kwanza tulikate jambo mara mbili, tendo na malipo yake, tuvike viunzi tulivyokwisha kuviona:

Msambaza ujumbe asiousoma, huulizwa maneno yasiyo yake.

Maana ipo, lakini ni mizani 13 kwa 12. Haisemeki kwa pumzi moja, na hakuna atakayeikumbuka jioni. Mzigo uko kwenye nomino, "ujumbe" na "maneno". Methali zetu zina desturi ya kuziacha nomino na kubaki na kiwakilishi chake: mtaka *cha* mvunguni, asiyesikia *la* mkuu. Tufanye vivyo hivyo kwa -cho-:

Msambaza asichosoma, huulizwa asichotamka.

Imepungua hadi tisa kwa kumi. Bado pande mbili hazijaangaliana, kwa kuwa "soma" na "tamka" hazina udugu wa sauti. Hapa ndipo kazi inapochukua muda. Andika kando vitenzi vyote vyenye maana karibu na unayoitaka (nena, tamka, sema, tunga), kisha uvitamke kimoja kimoja dhidi ya "soma". "Sema" inajitokeza mara moja, kwa sababu inatofautiana na "soma" kwa irabu moja tu. Ni mbinu ileile ya "Hasira hasara". Hiki si kina kamili, kwa maana kina kinachosikika vizuri huanzia kwenye irabu yenye mkazo, kama -aka ya "haraka" na "baraka". Lakini mgeuko wa irabu moja mahali penye mkazo hukaa kichwani kama kina.

Kinachobaki ni kitenzi cha upande wa pili. "Huulizwa" inafaa, ila kuulizwa tu hakuumi, nasi tunataka malipo. "Hujibu asichosema" ni fupi, lakini inaweza kueleweka kwamba mtu anajibu kimya chake. "Hujibia" inabeba lawama, na inatupa hii:

Msambaza asichosoma, hujibia asichosema.

m-sa-mba-za-a-si-cho-so-ma (9)
hu-ji-bi-a-a-si-cho-se-ma (9)

Angalia pia pale maneno mawili yanapokutana: -za a- upande wa kwanza, -a a- upande wa pili. Ukisema haraka, irabu mbili zinaungana pande zote mbili, kwa hiyo tisa kwa tisa inakuwa nane kwa nane na mizani haiyumbi.

Makosa ninayokutana nayo zaidi ni mawili. La kwanza ni kina kisicho na sababu: "Mwenye simu ana hamu" inaimbika, lakini simu haizai hamu, kwa hiyo upande wa pili haujajibu chochote. Lijaribu kwa kuweka "kwa hiyo" katikati. Likikataa kukaa, pande zako ni majirani tu. La pili ni kurudia: "Mvivu halimi, mzembe hashiki jembe". Pande zote mbili zimesema jambo moja. Ukifuta mmoja hakipungui kitu, basi ulikuwa na upande mmoja tangu mwanzo.

Mwisho, angalia utamwambia nani. Methali yetu inaweza kugeuzwa ikasimama kwa nafsi ya pili, na mizani zikatoshana bado, kumi kwa kumi: "Ukisambaza usichosoma, utajibia usichosema." Hiyo mama anaweza kumwambia mwanawe. Mbele ya mjomba au mzee wa mtaa inakuwa kidole usoni. Kwao tumia ile ya M- na hu-, isiyomtaja mtu, naye mwenyewe atajipima kama inamhusu.