Ndoo 9 zilizoishinda ndoo 31

Mama mmoja mwenye mitumbwi sita ya dagaa pale Igombe, kando ya Ziwa Victoria, aliniomba nimtengenezee kitu kidogo cha kwenye simu. Karani wake akiwa mwaloni alfajiri aandike kila mtumbwi umeleta ndoo ngapi, na skrini ionyeshe mtumbwi ulioongoza juu kabisa. Unaoongoza hupewa lita tano za petroli kwa safari inayofuata. Nikaandika, nikajaribu, nikamkabidhi. Wiki nzima hakuna aliyelalamika.

Asubuhi moja akanipigia kabla sijanywa chai. "Mwanangu, hii simu yako inasema tisa ni nyingi kuliko thelathini na moja. Vijana wa mtumbwi wa bluu wameleta thelathini na moja, petroli imekwenda kwa njano wenye tisa. Njoo uwaeleze mwenyewe."

Nikashika pikipiki. Kwenye simu ya karani orodha ilisomeka hivi, kutoka juu kwenda chini: 9, 7, 31, 24, 12, 10.

Kosa langu la kwanza siku ile lilikuwa kumshuku karani. Nilidhani tarakimu alizoandika kwenye kisanduku zimeingia kama maandishi badala ya namba, jambo ambalo hutokea sana, kwa kuwa kila kinachoandikwa kwenye kisanduku cha ukurasa wa wavuti hufika kikiwa maandishi. Lakini msimbo wangu ulikuwa unazigeuza kwa `Number()` kabla ya kuzihifadhi. Nikauliza `typeof` kwa kila moja, zote zikajibu `number`. Nikapoteza saa nzima hapo, maana swali langu lilikuwa sahihi na jibu lake lilikuwa la kweli, ila halikuhusiana na ugonjwa.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa mstari huu:

```js
const ndoo = [7, 12, 9, 31, 10, 24];
ndoo.sort();
// [10, 12, 24, 31, 7, 9]
ndoo.reverse();
// [9, 7, 31, 24, 12, 10]
```

Ukiiita `sort()` bila kuipa kitu ndani ya mabano, JavaScript, lugha niliyoandikia kazi ile, huchukua kila kilichomo kwenye safu, hukitengenezea nakala ya maandishi, kisha hulinganisha nakala hizo. Namba zenyewe haziguswi. Zinaingia namba na zinatoka namba, ndiyo maana `typeof` haikunisaidia. Kinachobadilika ni mpangilio tu.

Na maandishi hulinganishwa kama kamusi inavyopanga maneno. Kwenye kamusi "anasa" hutangulia "bata" ingawa ni neno refu zaidi, kwa sababu herufi ya kwanza ndiyo inayoamua na urefu hauulizwi. Vivyo hivyo "31" na "9": mashine inatazama 3 na 9 peke yake. Alama ya 3 ina namba 51 kwenye jedwali la herufi za kompyuta, ya 9 ina 57, kwa hiyo "31" inatangulia na kesi imefungwa. Ile 1 ya nyuma haikuangaliwa kabisa. Urefu huulizwa pale tu neno moja likiisha kabla tofauti haijaonekana, kama "1" na "10", ambapo fupi hutangulia.

Kwa nini walioitengeneza walichagua hivyo? Safu ya JavaScript inaruhusiwa kubeba mchanganyiko wowote, namba, majina, ndiyo na hapana, vyote kwenye kapu moja. Maandishi ndiyo sura ambayo karibu kila kitu kinaweza kuvaa. Kwangu ni uamuzi mbaya kwa namba, lakini tabia hii imo kwenye kanuni rasmi za lugha, na kurasa nyingi mno zinaitegemea, kwa hiyo haiwezi kubadilishwa leo.

Sasa, wiki ile ya kwanza ilipitaje salama? Hapa mwezi ndio ulionidanganya. Dagaa wa ziwani huvuliwa usiku kwa taa; penye giza hukusanyika kwenye mwanga, penye mbalamwezi hutawanyika. Mimi nilikabidhi kazi siku chache tu baada ya mwezi mpevu, mitumbwi ikirudi na ndoo tatu, tano, nane. Tarakimu moja moja. Namba zote zikiwa na idadi ileile ya tarakimu, mpangilio wa kamusi na mpangilio wa hesabu havina tofauti yoyote. Giza lilipoingia na mtumbwi wa kwanza ukavuka ndoo 9, ndipo hitilafu ikapata pa kutokea. Tangu hapo data zangu za majaribio huwa na 9, 10 na 100 pamoja, hata kama mteja ananiapia kwamba hajawahi kufika mia.

Dawa ni kuiambia `sort` jinsi ya kulinganisha. Unaipa fanksheni ndogo inayopokea vitu viwili na kurudisha namba: ikiwa chini ya sifuri, `a` inatangulia, ikiwa juu ya sifuri, `b` inatangulia, ikiwa sifuri, hao ni sawa na hubaki walivyopangana mwanzo (ahadi hii ya mwisho imo kwenye kanuni za lugha tangu 2019). Kutoa kunatosha: `a - b` hupanga kutoka ndogo kwenda kubwa, `b - a` kinyume chake.

Kijana mwenzangu niliyemwonyesha aliandika `(a, b) => a > b`, akasema kwake ilikuwa ikifanya kazi zamani. Hakudanganya. Fanksheni hiyo hurudisha kweli au si kweli, yaani 1 au 0, na kamwe haishuki chini ya sifuri. Chrome za kabla ya toleo la 70, la 2018, zilipanga safu fupi zisizozidi vitu kumi kwa njia iliyoridhika na hizo mbili. Chrome za sasa hupokea 1 na 0, zikaona hakuna anayestahili kusogezwa mbele, na kukurudishia safu kama ulivyoileta.

Nilipokuwa narekebisha niliona aibu nyingine. Nilikuwa nimechomoa idadi peke yake, nikaipanga, kisha nikarudi kutafuta ni mtumbwi gani wenye idadi hiyo. Mitumbwi miwili ikilingana, mmoja angetokea mara mbili. Sasa napanga kumbukumbu nzima:

```js
const walioleta = orodha.filter(m => Number.isFinite(m.ndoo));
walioleta.sort((a, b) => b.ndoo - a.ndoo);
```

Mstari wa kwanza si wa mapambo. Mtumbwi ambao haujarudi hauna `ndoo`, na kutoa kitu kisichokuwepo huzaa `NaN`, yaani "si namba", ambayo `sort` huihesabu kama sifuri, yaani "sawa". Nilijaribu mitumbwi mitatu kwa mfuatano huu: 12, bado, 31. Kwa kuwa 12 ni "sawa" na bado, na bado ni "sawa" na 31, Chrome yangu haikuwahi kuilinganisha 12 na 31, ikawaacha hivyohivyo, 31 mkiani. Na ukumbuke hakuna onyo jekundu kwenye konsoli.

Mitumbwi isiyorudi inaonyeshwa chini, kwenye orodha yake. Mama alinilipa kilichobaki, akakata pesa ya lita tano walizopewa baadaye vijana wa bluu.