Kwa nini mabibo huishia kwenye juisi kila tunapotafuta mawazo?

"Kwa nini nikikaa kutafuta mawazo, yale ya mwanzo huwa ya kawaida tu? Na nikijilazimisha kupita ishirini, kweli yatakuja mazuri zaidi?"

Kumbukumbu haichagui kilicho bora, inatoa kwanza kile kilicho karibu. Mwanasaikolojia Sarnoff Mednick aliandika mwaka 1962 kwamba kila jambo akilini lina majirani, wengine wa karibu sana, wengine wa mbali. Ukitaja jambo, wa karibu huitika kabla hujamaliza kusema. Na kwa kuwa watu wa sehemu moja wanakula vilevile na kuona vilevile, majirani hao wa karibu wanafanana kwa kila mtu. Ndiyo maana wazo lako la kwanza na la jirani yako ni lile lile, wala hamkuigana.

Tuchukue jambo la kwetu kusini mwa Tanzania: mabibo, yale matunda ya mkorosho yanayobeba korosho. Msimu wa korosho ukifika, kuanzia Oktoba, Newala na Tandahimba mkulima anaondoa korosho na bibo linabaki chini ya mkorosho linaoza. Bibo ni zito kuliko korosho yake mara kadhaa, kwa hiyo kinachotupwa ni kingi kuliko kinachouzwa. Sasa tuseme kikundi cha akina mama kimekaa kuandika: bibo lingefanya kazi gani?

Juisi. Jamu. Mvinyo. Uraka, pombe ya mabibo (hapo watacheka). Kulikausha. Kulisha ng'ombe na mbuzi. Siki. Pipi. Mboji. Hadi la tisa au la kumi mambo yanakwenda haraka, kisha kalamu zinasimama. Ukiitazama orodha hiyo utaona kuwa karibu yote ni wazo moja lililobadilishwa nguo: bibo ni kitu cha kunywa au kula. Akili imeingia chumba cha jikoni na kumaliza vilivyomo.

Kimya hicho ndicho kinachodanganya watu. Brian Lucas na Loran Nordgren walionyesha mwaka 2020 kwamba watu hudhani ubunifu wao unashuka kadiri muda unavyokwenda, ilhali kwa kweli haushuki, mara nyingi hata unapanda. Kinachopungua ni kasi. Kupanda huko kulikwisha kuonekana tangu 1957, katika utafiti wa Christensen, Guilford na Wilson: kadiri muda unavyokwenda, majibu yanazidi kujitenga na yale ya kawaida. Mtu anahisi ugumu, anadhani kisima kimekauka, anaondoka.

Kukaa tu ukikodolea karatasi macho hakusaidii sana, lazima utoke jikoni. Njia ninayoiamini ni kuacha kuuliza "litumikeje" na kuandika kwanza bibo lilivyo. Lina ukakasi unaokamata ulimi. Maji yake yakidondoka kwenye nguo doa halitoki. Harufu yake inaita wadudu. Likikamuliwa linaacha makapi yenye nyuzinyuzi. Linaharibika ndani ya siku moja hivi. Sasa kila sifa inafungua mlango wake. Doa: rangi ya vitambaa. Ukakasi: unatokana na tanini, na tanini ndiyo inayosindika ngozi. Harufu: chambo cha kutegea nzi wa matunda. Makapi: kuoteshea uyoga, au kuyapika na viungo badala ya nyama. Hili la mwisho linasikika kichekesho Masasi, lakini Brazili wapo wanaoyapika hivyo.

Ishirini yenyewe haina uganga. Kwa jambo dogo utatoka jikoni kwenye la kumi na mbili, kwa jingine hata thelathini hazitoshi. Dalili ya kutazama si namba, ni aina: kama mawazo matano mfululizo yanaingia kapu moja, bado hujatoka. Na kikundi kianze kwa kila mtu kuandika peke yake kabla ya kusema, maana akishatamka mmoja "juisi", wote wanabaki kwenye vinywaji.

Niseme pia kuwa geni si lazima liwe zuri. Katika mawazo ya mwisho takataka ni nyingi, na juisi ya namba moja inaweza kuwa ndiyo biashara yenye soko. Pikipiki ikizima njiani kuelekea Kilwa, angalia mafuta kwanza, huna haja ya mawazo ishirini. Lakini pale ambapo kila mtu ameshajaribu ya mwanzo na mabibo bado yanaoza, ya mwanzo hayana jipya la kukupa.

Baada ya kuandika ndipo unachuja, tena kwa jaribio la bei rahisi. Wazo la rangi, kwa mfano, halihitaji mkopo. Kamua mabibo, loweka kitambaa cheupe cha pamba usiku kucha, kisha kitie kwenye maji yaliyokaa na misumari yenye kutu. Tanini ikikutana na chuma hugeuka kijivu au nyeusi. Kikauke, kifue kwa sabuni mara tatu, uone kilichobaki.