Ofa ya kufungua spa: waliokuja sio hesabu, hesabu ni waliorudi

Mtu akifungua spa kitu cha kwanza anachoniuliza ni "tuweke nusu bei?" na mimi nasema hapana. Sio kwamba haileti watu, inaleta tena wanajaa, shida wengi wamefuata bei, ikirudi ya kawaida huwaoni, na hata anayebaki ashaona ile bei kamili ni wizi.

Kwa hela ndogo mi napenda ofa ya nyongeza. Mteja analipia masaji ya saa nzima bei kamili, anapewa skrabu ya miguu dakika 15 bure, wewe kinachokutoka ni skrabu kidogo, tauli ya kufua na muda wa mhudumu. Na iwe siku zilizolala tu, mfano Jumanne mpaka Alhamisi kabla ya saa nane mchana, maana mhudumu yupo tu amekaa. Jumamosi ukitoa vya bure unamnyima nafasi anayelipa.

Sasa kupima. Ukimuuliza mteja "umetujuaje?" atakwambia "mtandaoni" basi, haikusaidii. Kila njia ipe alama yake: tangazo la Insta liseme "taja neno WARIDI", kadi ya kumleta rafiki iandikwe namba ya mteja aliyeitoa. Na aulizwe wakati anabuku, sio wakati wa kulipa, pale mapokezi pana foleni na dada anajaza chochote (ukiona daftari limejaa "mtandaoni" bila neno, ujue hawaulizi).

Daftari lenyewe la kawaida tu: tarehe, simu, alama, alicholipa, na tarehe aliyorudi akalipa bei kamili bila nyongeza. Hiyo ya mwisho ndo yenyewe. Subiri wiki 6 hadi 8 kabla hujaamua, watu wengi wa masaji wanakuja kama mara moja kwa mwezi, ukihukumu wiki ya pili utasema hakuna aliyerudi.

Tuseme bajeti ni mafungu 100 na kila skrabu ya bure inakula fungu 1. Insta umetia 50, wamekuja 25, wamerudi 3. Gharama ni 50 + 25 = 75, gawa kwa 3, kila aliyerudi amekugharimu 25. Kadi umechapa kwa 10, wamekuja 8 tu, wamerudi 4, yaani 18 gawa kwa 4, ni 4.5. Ukiangalia waliokuja tu ungemwaga hela yote Insta.

Ila usikimbilie kuzima tangazo, kadi inahitaji mteja wa kwanza wa kuipeleka na huyo mara nyingi katokea hukohuko Insta. Mi nalipunguza tu, nalibana lionekane kwa walio karibu, kilomita 3 hadi 5, hela inayobaki inaenda kwenye kadi. Na kama tofauti ni mtu mmoja, 3 kwa 4 na gharama zinalingana, hapo bado hujajua kitu, endelea kuandika daftari.