Kizigeu cha utengano: kwa nini mkuo wa fuwele haufanani kichwani na mkiani

Ukifyonza barafu ya ukwaju ya mfuko, utamu hutoka kwanza, halafu unabaki na barafu nyeupe isiyo na ladha. Maji yalipoganda yaliisukuma sukari pembeni. Silikoni, malighafi ya chipu za kompyuta, inapoganda hufanya hivyohivyo kwa vitu vingi vilivyochanganyika nayo.

Kipimo cha tabia hiyo ni kizigeu cha utengano, k: kiasi cha kitu kinachoingia kwenye sehemu iliyoganda, ukikigawanya kwa kiasi kilichomo kwenye uji wa moto. Ndani ya silikoni, boroni ina k ya takriban 0.8 na fosforasi 0.35. Chuma hakifiki hata sehemu moja katika elfu kumi.

William Pfann wa maabara za Bell aliitumia tabia hii mwanzoni mwa miaka ya 1950 kusafisha gerimani, ndugu ya silikoni katika kazi za umeme. Aliyeyusha ukanda mwembamba tu wa mche, kisha akausogeza polepole toka ncha hadi ncha. Ukanda huo ulibeba uchafu kuupeleka mkiani, akarudia mara nyingi, mwisho akaukata mkia. Kwa boroni ndani ya silikoni njia hii haifui dafu: k yake iko karibu mno na 1, kwa hiyo huondolewa kwa kemia kabla ya kuyeyusha.

Sasa tuseme tunaitaka fosforasi ibaki, maana ndiyo inayoipa silikoni uwezo wa kupitisha umeme tunaouhitaji. Tunaiweka kwenye chungu cha silikoni iliyoyeyuka na kuvuta mkuo, yaani mche mnene wa fuwele, juu taratibu. Kila kipande kinachoganda huchukua fosforasi kidogo, na uji unaobaki unazidi kukolea. Kama uji umechanganyika vizuri:

Cs = k·C0·(1−g)^(k−1)

C0 ni kiasi cha mwanzo kwenye uji, g ni sehemu ya uji iliyokwisha kuganda. Kichwani, fosforasi ni 0.35 ya C0. Asilimia 90 ikishaganda, ni 1.56, yaani mara nne na nusu ya kichwani. Mteja akikubali tofauti ya mara mbili tu, takriban theluthi moja ya mwisho haimfai. Kwa boroni angeipata asilimia 97 ya mkuo. Ndipo unapoona k inavyogusa mfuko.

Dawa mojawapo ni kuendelea kumimina silikoni safi chunguni wakati wa kuvuta, ili uji usikolee. Kuvuta haraka nako husaidia kiasi: fosforasi iliyokataliwa hurundikana mpakani kabla haijasambaa, na k halisi hupanda kuelekea 1. Lakini kasi au joto likiyumba, fuwele hutoka na mistari ya mkolezo, kama pete za mti. Mistari hiyo huonekana ukipima ukinzani wa umeme kwa sindano nne, hatua kwa hatua, juu ya kisahani kilichokatwa.