Je, wajua? "Amekasirika" na "anakasirika" haziigizwi kwa namna moja

"Katika tamthilia ninayoandika, mhusika anaanza kwa kuudhika na kuishia kwenye ghadhabu. Nitajuaje neno lipi ni zito kuliko jingine?"

Uzito ni kipimo kimoja tu, tena mara nyingi si kile anachokihitaji mwigizaji. Maneno ya hasira katika Kiswahili hutofautiana zaidi kwa kasi, kwa muda, na kwa kile ambacho mtazamaji anakiona au kukisikia.

Nilikuwa nikiamini kwamba maneno haya ni ngazi. Chini kabisa niliweka kukereka, juu yake kuudhika, kisha kukasirika, kuhamaki, na kileleni kughadhabika. Niliandika onyesho zima kwa mpangilio huo, na kwenye mazoezi mwigizaji akafanya jambo pekee ambalo ngazi ilimruhusu: alipandisha sauti kidogo kila alipofika kwenye neno jipya. Kufikia katikati ya onyesho alikuwa anapiga kelele, na bado zilibaki kurasa nne. Kosa halikuwa lake. Kamusi nayo haikunisaidia, kwa sababu mara nyingi hueleza neno moja kwa jingine: ukitafuta ghadhabu unaelekezwa kwenye hasira kali, na ukitafuta hamaki unaipata hasira tena.

Kilichonitoa kwenye ngazi ni jaribio dogo. Chukua kila neno uliweke pamoja na "siku tatu". "Alinuna siku tatu" inakubalika bila shida. "Alihamaki siku tatu" inagoma, maana kuhamaki ni kulipuka, na mlipuko haukai siku tatu. "Alikereka siku tatu" inawezekana endapo kile kinachomkera kinajirudia, kwa kuwa kero kwa kawaida ni jambo la mara kwa mara. Basi hamaki haiko juu ya kununa wala chini yake. Mtu anaweza kuhamaki kwa jambo dogo sana na kununa kwa jambo kubwa kuliko yote maishani mwake. Mzizi wa hamaki katika Kiarabu unahusu upumbavu, na hata sasa neno hilo la Kiswahili lina harufu ya mtu aliyetenda kabla ya kufikiri.

Sasa tuje kwenye kitu ambacho naona ndicho chenye faida kubwa kwa mtunzi, nacho kimo ndani ya kitenzi chenyewe. Fikiria mlango. Ukisema "mlango unafunguka", mtazamaji anauona ukisogea. Ukisema "mlango umefunguka", tayari uko wazi. Kusogea kumekwisha na tunatazama hali iliyobaki. Ukisema "mlango umefunguliwa", tunageuka kumtafuta aliyeufungua. Mlango ni uleule, lakini macho yanaelekezwa mahali patatu.

Hasira hufuata njia hiyohiyo. "Mama anakasirika" ni agizo la kitendo: mwigizaji aanze akiwa mtulivu, kisha hasira impande mbele yetu. "Mama amekasirika" ni agizo la hali: aingie nayo jukwaani, labda ameipata huko nje, na kazi ya mtazamaji ni kugundua sababu. "Mama ameudhika" inatuachia udhia wenyewe, ilhali "mama ameudhiwa" inadai kuwe na mtu wa kulaumiwa. Katika maelekezo ya jukwaani silabi hizo mbili, -na- na -me-, humwambia mwigizaji mengi kuliko neno "sana".

Kanuni hii ina mipaka. Baadhi ya vitenzi havina jozi kamili. Kukasirika, kwa mfano, humtaja msababishaji kupitia "alikasirishwa", wala si kwa umbo fupi linalotumika kila siku kama lile la kuudhi. Pia wazungumzaji hawalingani. Kuchukia ndiko kunakohitaji uangalifu zaidi: kwa wengi, hasa wa pwani, "amechukia" ni sawa na kusema amekasirika, lakini wengine husikia chuki ya kudumu. Neno likiweza kubadili hatima ya mhusika kwa namna hiyo, ni afadhali kuchagua jingine.

Kipo pia kipimo cha kinachoonekana, na hapa lugha imemwazima mtunzi picha ya sufuria ya maziwa jikoni. Yakipata moto yanafura: yanapanda, yanajaa hadi ukingoni, lakini bado hayajamwagika. Yakizidi yanafoka. Mtu aliyefura amevimba kifua na uso, ila mdomo umefungwa. Anayefoka anatoa maneno. Kati ya hali hizo mbili kuna kitambo ambacho bado mtu anaweza kuondoa sufuria motoni, na mtazamaji anakijua kitambo hicho kwa sababu ameshawahi kusimama mbele ya jiko. Mtunzi anayeruka moja kwa moja hadi kufoka anakipoteza.

Chukua onyesho lenyewe. Binti ameuza cherehani aliyoiacha bibi yake. Mama anarudi nyumbani, anamwita, na binti anajibu "Abee mama, nakuja", asije. Anaitwa tena, jibu ni lilelile. Hapa neno ni "anakereka", kwa sababu ya kule kurudiarudia. Kisha mama anaona meza tupu.

"Cherehani iko wapi, mwanangu?"

"Nimeiuza, mama."

Rasimu yangu ya kwanza ilisema hapa: "Mama anaghadhabika." Neno ni zito, lakini halikumwambia mwigizaji afanye nini kwa mikono yake. Ghadhabu huzoeleka kwa mwenye mamlaka aliyevunjiwa heshima. Tunasema ghadhabu ya Mungu, ghadhabu ya mfalme. Ningeweza kuitetea kama onyesho lingehusu mamlaka ya mama juu ya binti, lakini lilihusu kumbukumbu ya bibi. Zaidi ya hapo, neno hilo halikai vizuri mdomoni mwa kijana. Binti akimsimulia mdogo wake hatasema "mama ameghadhabika". Atasema "mama kawaka" au "mama kakasirika kwelikweli". Neno la maelekezo na neno la mazungumzo yanachaguliwa kila moja peke yake.

Yalibaki machaguo mawili. Nikiandika "Mama anahamaki", anapiga meza kwa kiganja, anamfukuza binti, na baada ya pumzi tatu anatoka mlangoni kumwita arudi. Onyesho linalofuata litakuwa la majuto ya mama. Nikiandika "Mama anafura", kisha kimya, onyesho linalofuata linaweza kufunguka siku tatu baadaye kwa "Mama amenuna": anamwandalia binti chakula bila kumtazama, na anapotaka kumwambia jambo anamtuma mdogo wake. Hapo majuto ni ya binti, na ni ya polepole.

Nilichagua la pili. Mwigizaji yuleyule aliposoma "anafura" aliishika kingo ya meza tupu kwa mikono miwili, akavuta pumzi, asiitoe. Hakuna aliyemwelekeza kufanya hivyo.