Je, wajua kwa nini maswali ya jioni huachwa njiani?

"Narudi nyumbani nimechoka hoi. Nitungeje maswali matatu ya kujiuliza kila jioni, ambayo nitayajibu kweli kila siku?"

Anza kwa kufuta swali lolote linalokutaka uipime siku nzima. "Siku yangu ilikuwaje?" linaonekana jepesi, kumbe ni zito: inabidi ukumbuke mambo ya kutwa nzima, uyalinganishe, kisha utoe hukumu. Mtu aliyechoka hana nguvu hiyo. Anachoweza ni kutazama kilicho mbele yake na kukitaja.

Dada yangu ni mama lishe. Huamka saa kumi alfajiri, na akifunga jiko jioni miguu imevimba. Mara ya kwanza tulimwandikia maswali mazuri mno: umejifunza nini, unashukuru kwa lipi, ungefanya nini tofauti? Siku nne aliandika vizuri. Ya tano akaandika "kama jana" mara tatu. Ukiona "kama jana", usimlaumu anayejibu, maana hapo swali ndilo lililoshindwa.

Tukayabadilisha hivi. La kwanza: miguu inauma kiasi gani sasa hivi, 0, 1 au 2? Namba tatu zinatosha, kwa sababu ukimpa kumi ataanza kujiuliza kama ni sita au saba. Neno "sasa hivi" nalo lina kazi yake: jibu liko miguuni, halihitaji kumbukumbu. La pili: kitu gani kimenichosha kuliko vyote leo? Jibu ni neno moja tu. La tatu: kesho nikiamka, naanza na nini?

Hilo la tatu tuliliweka mwisho kwa makusudi. Mwaka 2018 Michael Scullin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Baylor, Marekani, waliwalaza vijana 57 maabara kwa usiku mmoja. Kabla ya kulala, kila mmoja aliandika kwa dakika 5, wengine mambo ya kufanya siku zijazo, wengine waliyokwisha kuyamaliza. Walioandika yajayo walisinzia mapema zaidi kwa takriban dakika 9. Usiku mmoja haumalizi ubishi, lakini kwa dada yangu ninaelewa maana yake: akishaandika "kuloweka maharage", hana haja ya kulala akiyakumbuka.

Kuhusu wakati, usiseme "saa tatu usiku", kwa kuwa siku nyingine saa tatu bado uko kwenye daladala. Yafunge kwenye tendo usiloliruka. Yeye kila usiku huchomeka simu kwenye chaji, kwa hiyo tulitundika kalenda ya ukutani juu ya soketi ile ile, na peni tukaifunga kwa kamba. Akishachomeka, anaandika palepale akiwa amesimama. Siku moja inaonekana hivi: "2, maji, maharage". Haizidi nusu dakika. Tungeyaweka kwenye daftari ndani ya droo, zile hatua mbili za kulitafuta zingetosha kumfanya aahirishe.

Akiruka siku, kisanduku chake kinabaki kitupu, hakijazwi baadaye. Hapa nasisitiza sana. Mwaka 2002 Arthur Stone na wenzake walichapisha utafiti wa wagonjwa 80 wa maumivu sugu, ambao nusu yao walipewa madaftari ya karatasi. Ndani ya majalada kulifichwa kihisi cha mwanga kilichorekodi lini jalada limefunguliwa. Kwa maandishi yao, wagonjwa hao walikuwa wamejaza kwa wakati asilimia 90 ya mara walizopangiwa, lakini kihisi kilionyesha asilimia 11. Baadhi ya nyingine zilijazwa kwa mkupuo baadaye. Majibu ya mkupuo ni ya kubahatisha, na deni la siku tatu ndilo humfanya mtu aiogope kalenda yenyewe.

Baada ya wiki tatu tuliisoma kalenda pamoja. Alijibu siku 18, na neno "maji" lilitokea mara 7. Nyingi ya siku hizo zilikuwa na namba 2. Mwenyewe alikuwa akidhani kinachomchosha ni kusimama jikoni, kumbe ni madumu anayobeba kutoka bombani asubuhi. Kalenda haithibitishi kwamba maji ndiyo yanayomuumiza miguu, ila ilimwonyesha pa kuanzia kujaribu. Akaelewana na kijana wa mkokoteni amletee madumu manne kila siku.

Swali la pili likabadilika hapo hapo, maana jibu lake lilikuwa limeshafanyiwa kazi. Sasa linauliza: leo nimekaa chini mara ngapi? Jana aliandika 1.